Simu inapokosa nguvu ndani ya jengo la zege: jinsi ya kupima, kutambua ukuta unaozuia, na kuchagua bendi inayopita

Mtu anayesimama barabarani akiwa na mtandao wa kutosha, kisha akaingia stoo ya duka lake na kukuta simu haishiki, kwa kawaida hulaumu kampuni ya simu au simu yenyewe. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Mnara uko palepale na simu ni ileile. Kilichobadilika ni kuta zilizoingia kati, na kuta hizo hazizuii mawimbi yote kwa kiasi kimoja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima kwa simu uliyonayo ni ukuta gani unaokula nguvu, ni bendi gani, yaani fungu gani la masafa ya mawimbi ya simu, inayopita, na kipi kinafaa kufanywa kabla ya kutoa fedha kununua kifaa chochote.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: duka la vitenge katika ghorofa ya chini ya jengo la ghorofa tano huko Kariakoo, Dar es Salaam. Mbele kuna mlango mpana na kioo cha kawaida kinachotazama barabara. Nyuma ya duka kuna ukuta wa zege la kumiminwa wenye unene wa sentimita 20, ambao ni upande wa ngazi. Baada yake kuna korido ya ngazi, kisha ukuta mwingine kama huo, na nyuma yake stoo isiyo na dirisha. Namba nitakazozitaja ni za mfano, lakini zimefuata kanuni inayotumiwa na wahandisi, na ni za aina utakayoiona ukipima mwenyewe.

Kinachotokea ndani ya ukuta

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na inatosha kukumbuka mambo matatu: kupungua kwa desibeli 3 ni kubaki na nusu, desibeli 10 ni kubaki na sehemu moja ya kumi, na desibeli 20 ni kubaki na sehemu moja ya mia. Desibeli za kuta zinazofuatana hujumlishwa tu. Ukuta wa desibeli 8 ukifuatwa na mwingine wa desibeli 8, jumla ni 16.

Zege linaonekana kavu, lakini ndani yake kuna maji yaliyonaswa kwenye vitundu vidogo pamoja na chumvi zilizoyeyuka. Wimbi la redio linapopita, husukuma chembe hizo zenye chaji mbele na nyuma, na kila msukumo hugeuza sehemu ya nguvu ya wimbi kuwa joto dogo lisilohisika. Hapo ndipo masafa yanapoleta tofauti. Wimbi la megahezi 800 lina urefu wa sentimita 37.5 hewani, lakini likiingia kwenye zege hupungua mwendo na kufupika hadi kama sentimita 16. Wimbi la megahezi 2600 huwa na sentimita 11.5 hewani na kama sentimita 5 ndani ya zege. Kwa hiyo, katika unene uleule wa sentimita 20, wimbi la chini hujitikisa mara moja na robo hivi, ilhali wimbi la juu hujitikisa mara nne. Kila mtikisiko kamili hugharimu takriban desibeli 4. Ukizidisha, utaona mara moja kwa nini la kwanza hutoka upande wa pili likiwa na nguvu ya kusikika na la pili hutoka hoi.

Wahandisi wanaopanga mitandao ya simu hutumia kanuni fupi kwa ukuta wa zege, ambamo f ni masafa kwa gigahezi na jibu ni desibeli zinazopotea:

```
L = 5 + 4 × f
```

Kwa megahezi 800, yaani gigahezi 0.8, jibu ni kama desibeli 8. Kwa 1800 ni kama 12, kwa 2600 ni 15, na kwa 3500, ambayo ni bendi kuu ya 5G katika nchi nyingi, ni 19. Kanuni hii ni ya wastani. Ukuta mnene zaidi, zege ambalo bado bichi au ukuta uliolowa mvua hupoteza zaidi ya hapo. Hata hivyo, mpangilio wa bendi haubadiliki: kila ukuta wa zege unaoongezeka huipa bendi ya 800 nafuu ya desibeli 4 dhidi ya 1800, na desibeli 7 dhidi ya 2600. Kuta mbili huifanya nafuu hiyo ya pili kuwa 14, ambayo ni sawa na nguvu mara 25.

Kioo ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Kioo cha kawaida hupoteza desibeli 2 hadi 3 tu, na tofauti kati ya bendi ya chini na ya juu ni ndogo mno. Lakini kioo cha kisasa kilichopakwa utando mwembamba wa madini ili kuzuia joto la jua, kile kinachong'aa kama kioo cha kujitazama kwenye minara ya ofisi, hupoteza kama desibeli 23, na hupoteza hivyo kwa 800 karibu sawa na kwa 3500. Sababu ni kwamba madini hayamezi wimbi kidogo kidogo kama zege linavyofanya, bali hulirudisha lilikotoka. Basi jengo lililofunikwa kwa kioo cha namna hiyo halitatibiwa kwa kuhamia bendi ya chini. Hali ni hiyohiyo kwa bati, kwa mlango wa chuma wa kukunja, na kwa kontena lililogeuzwa duka.

Vipi kuhusu nondo zilizo ndani ya zege? Wavu wa nondo hufanya kazi kama chujio lililo kinyume na zege: kadiri wimbi linavyokuwa refu kuliko matundu ya wavu, ndivyo linavyozuiwa zaidi. Nondo zikipangwa kila baada ya sentimita 15, wimbi la sentimita 37.5 hupoteza desibeli chache za ziada, ilhali lile la sentimita 11.5 hupenya katikati bila kujali sana. Ndiyo maana kwenye slabu zenye nondo nyingi zilizosongamana ubora wa bendi ya chini unaweza kupungua kuliko kanuni inavyoahidi. Haupotei, ila usishangae ukipima tofauti ya desibeli 2 mahali ulipotarajia 4.

Hatua ya kwanza: soma namba halisi, achana na vijiti

Vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu havina kipimo kimoja. Kila mtengenezaji huamua mwenyewe vijiti vitatu vina maana gani. Unachohitaji ni namba iitwayo RSRP, ambayo ni nguvu ya ishara ya 4G inayoifikia simu, na husomeka kwa dBm, yaani desibeli zikilinganishwa na miliwati moja, ikiwa na alama ya kutoa. Kwa kuwa ni hasi, namba iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Kwenye −80 mambo ni mazuri sana, −95 hutosha kwa kazi zote, −110 ni dhaifu lakini simu hupigika, na karibu na −120 mawasiliano hukatika.

Kwenye simu nyingi za Android namba hiyo hupatikana katika mipangilio, sehemu ya taarifa za simu, chini ya hali ya laini. Njia nyingine ni kupiga namba hizi kama unavyopiga simu. Ya kwanza ni ya Android, ya pili ni ya baadhi ya Samsung, na ya tatu ni ya iPhone:

```
*#*#4636#*#*
*#0011#
*3001#12345#*
```

Si kila simu hukubali namba hizo. Ikikataa, weka programu ya bure kama NetMonster, ambayo huonyesha RSRP, bendi, na namba ya kitambulisho cha mnara kwenye ukurasa mmoja.

Hatua ya pili: jua uko kwenye bendi ipi

Kusoma nguvu bila kujua bendi ni sawa na kupima unga bila kujua kama kipimo ni kilo au ratili. Programu nyingine huitaja bendi moja kwa moja, na nyingine huonyesha namba iitwayo EARFCN pekee. Namba hiyo utaigeuza kuwa bendi kwa orodha hii fupi, yenye bendi ambazo msomaji wa Afrika Mashariki ana uwezekano mkubwa wa kukutana nazo:

```
0–599        bendi 1    2100 MHz
1200–1949    bendi 3    1800 MHz
2750–3449    bendi 7    2600 MHz
3450–3799    bendi 8     900 MHz
6150–6449    bendi 20    800 MHz
9210–9659    bendi 28    700 MHz
```

Bendi za 700 na 800 zina historia inayowahusu wengi wetu bila wao kujua. Zamani nafasi hiyo ilikuwa ya televisheni ya analojia, iliyofika sebuleni kwa antena ya juu ya paa. Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipokamilisha kazi hiyo mwaka 2015, masafa hayo yalianza kupatikana kwa matumizi ya simu. Televisheni ilikaa huko kwa sababu ileile inayotufaa leo: mawimbi hayo marefu huingia majumbani kwa urahisi.

Hatua ya tatu: tembea na upime kutoka nje kuelekea ndani

Anza nje, upande wa jengo unaotazama mnara ukiujua ulipo. Shika simu usawa wa kifua, mbali kidogo na mwili, na mkono usifunike sehemu ya juu wala ya chini ya simu, kwa kuwa kiganja na mwili vinaweza kumeza desibeli kadhaa. Subiri nusu dakika, maana simu haibadilishi namba papo hapo. Usiridhike na kipimo kimoja: ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakakutana na mengine, na kuhama kwa upana wa kiganja tu kunaweza kubadili namba kwa desibeli 10. Chukua vipimo vitano ukihama nusu hatua kila mara, kisha uandike kile cha katikati.

Rudia zoezi hilo kwenye kila chumba, na kwa kila kipimo andika bendi na kitambulisho cha mnara. Ukilinganisha kipimo cha nje cha mnara mmoja na kipimo cha ndani cha mnara mwingine, jibu lako halitakuwa na maana yoyote, kwa sababu huna tena hakika kama tofauti imeletwa na ukuta au na mnara.

Katika duka letu la mfano, vipimo vitakuwa hivi, vyote kwa dBm:

| Mahali | 800 | 1800 | 2600 |
|---|---|---|---|
| Nje, barabarani | −86 | −84 | −87 |
| Dukani, nyuma ya kioo | −94 | −93 | −97 |
| Korido ya ngazi | −103 | −106 | −113 |
| Stoo | −112 | −119 | haishiki |

Tazama safu mbili za kwanza. Barabarani 1800 ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na hata dukani bado inaongoza kwa desibeli moja. Mtu akiishia hapo ataapa kwamba habari za bendi ya chini ni hadithi tu. Sababu ni kwamba mawimbi yaliingia kwa mlango na kioo, ambavyo havibagui bendi, wala hayakulazimika kupita kwenye zege. Tofauti inaanza kwenye ukuta wa kwanza wa ngazi: bendi ya 800 inapoteza desibeli 9, moja kati ya hizo ikiwa ni ya umbali, ilhali 1800 inapoteza 13 na 2600 inapoteza 16. Ukuta wa pili unarudia adhabu ileile. Kutoka dukani hadi stoo, 800 imepoteza 18, na 1800 imepoteza 26. Bendi ya 2600 ingekuwa imepoteza 32, lakini simu ilikwisha kuiacha kabla ya kufika huko.

Hili la dirisha lina uzito kuliko linavyoonekana. Chumba chenye ukuta wa zege kwa asilimia 70 na kioo cha kawaida kwa asilimia 30 hupokea nguvu yake nyingi kupitia kioo, hata kama zege ndilo lililoenea zaidi. Katika chumba cha namna hiyo, hesabu inaonyesha kwamba bendi ya 2600 hubaki nyuma ya 800 kwa kama desibeli 2 tu. Kwa hiyo usitafute ukuta ulio mwembamba. Tafuta tundu lililo karibu na lisilo na chuma.

Hatua ya nne: tambua kama adui ni zege au ni chuma

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Simama mita moja kutoka dirishani likiwa limefungwa, pima, kisha lifungue lote na upime tena pasipo kuhama. Namba ikipanda kwa desibeli 2 au 3, kioo chako ni cha kawaida na tatizo liko kwenye kuta. Ikiruka kwa 15 au zaidi, kioo kimepakwa madini, na hakuna bendi itakayokuokoa dirisha likiwa limefungwa. Mahali ambapo dirisha halifunguki, linganisha bendi mbili: kizuizi kilichoiadhibu 2600 zaidi ya 800 ni zege, lakini kilichoziadhibu zote mbili karibu sawasawa, tena kwa desibeli 20 na ushee, ni chuma.

Wenye maduka wana jaribio lao la kila jioni bila kulipanga. Mlango wa chuma wa kukunja ukishushwa, tundu kubwa kuliko yote la jengo limezibwa. Nimeona kamera ya ulinzi inayotumia laini ya simu ikifanya kazi vizuri kutwa nzima ilipojaribiwa baada ya kuwekwa, kisha ikanyamaza kila usiku, saa zilezile ilizonunuliwa kulinda. Fundi aliyeifunga alikuwa amepima mchana, mlango ukiwa wazi. Kama kifaa chako kitafanya kazi usiku, kipime mlango ukiwa umefungwa.

Hatua ya tano: chunguza kwa nini simu imeshikilia bendi isiyofaa

Ukiwa stoo unaweza kukuta simu iko kwenye 1800 kwa −119 wakati 800 ingempa mwenye simu −112. Si kwamba simu haioni. Mtandao huipa simu mpangilio wa vipaumbele, na bendi za juu kwa kawaida huwekwa mbele kwa sababu zina nafasi pana ya kubeba watu wengi. Simu iliyotulia mfukoni hubaki kwenye bendi yenye kipaumbele hadi nguvu ishuke chini ya kiwango kilichowekwa, ndipo inaposhuka kwenye bendi ya chini. Ukitembea polepole kutoka barabarani hadi stoo utaona mabadiliko hayo yakichelewa. Kuwasha na kuzima hali ya ndegeni ukiwa ndani huilazimisha simu itafute upya, na wakati mwingine hilo peke yake hutosha kuishusha.

Kufunga bendi moja kwa makusudi ni jambo ambalo simu nyingi haziruhusu. Mipangilio ya kawaida hukuruhusu kuchagua kati ya 2G, 3G, 4G na 5G tu. Ruta za 4G, kinyume chake, mara nyingi zina ukurasa wa kuchagua bendi, na hilo ni sababu mojawapo ya kupenda ruta kuliko simu katika kutatua tatizo hili.

Kuna upande mwingine wa mawasiliano ambao namba ya RSRP haiuonyeshi. RSRP ni nguvu ya mnara inayokufikia, lakini simu nayo lazima ijibu. Mnara hutuma kwa makumi ya wati, ilhali simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Ukuta unaokula desibeli 12 kwa kwenda hula kama hizo kwa kurudi, na mnyonge ndiye anayeishiwa pumzi kwanza. Dalili zake ni hizi: wewe unamsikia mwenzako vizuri lakini yeye anasema sauti yako inakatika, picha unayopokea inafunguka lakini unayotuma inazunguka bila kwisha, simu inapata joto na betri inashuka upesi hata usipoitumia, kwa sababu inapiga kelele kwa nguvu zake zote ili isikike ng'ambo ya zege. Ukiona dalili hizo kwenye −112, usijidanganye kwamba namba inaruhusu.

Na kuna hali iliyo kinyume, ambayo hupatikana kwenye ghorofa za juu sana. Huko hakuna majengo ya kuzuia, minara mingi huonekana kwa pamoja, RSRP ni nzuri lakini intaneti inajikokota. Hapo tazama namba iitwayo SINR, inayolinganisha nguvu ya ishara unayoitaka na ya zile zinazoingiliana nayo. Ikiwa karibu na sifuri au chini yake, tatizo ni minara kuingiliana, wala si ukuta. Katika hali hiyo ukuta wa zege unaweza hata kuwa rafiki, ukikaa upande wake unaozuia minara usiyoihitaji.

Hatua ya sita: leta ishara kwa waya, usiisukume ipite kwenye zege

Tukirudi dukani, kuna mambo matatu ambayo watu hujaribu kwa kawaida. La kwanza ni kununua simu nyingine, ambayo huongeza desibeli chache tu, kama inaongeza. La pili ni kununua ruta na kuiweka stoo kwa kuwa ndiko intaneti inakohitajika. Ruta hiyo nayo itakuwa nyuma ya kuta mbili kama simu ilivyokuwa. La tatu ni kuweka ruta dukani karibu na kioo na kutegemea Wi-Fi ifike stoo. Lakini Wi-Fi nayo ni mawimbi ya redio. Kwa kanuni ileile, Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hupoteza kama desibeli 15 kwa kila ukuta wa zege, na ile ya gigahezi 5 hupoteza 25 au zaidi. Kuta mbili zitaidhoofisha sana.

Linalofaa ni kuigawa kazi. Ruta ya 4G iwekwe dukani, juu, karibu na kioo, mahali ambapo 1800 inasomeka −93. Kutoka hapo kebo ya mtandao ipite kwenye tundu la nyaya za umeme au juu ya mlango wa korido hadi stoo, na huko kiwekwe kifaa kidogo cha kusambaza Wi-Fi. Kebo ya mtandao hubeba data hadi mita 100, na zege halina neno nayo. Umbali wetu ni mita 15 hivi. Ikibidi kupitisha nyaya za umeme na za mtandao kwenye tundu moja, mpe fundi umeme kazi hiyo na azitenganishe.

Msomaji anaweza kuuliza kama ruta hiyo isifungwe kwenye 800, baada ya sifa zote nilizoipa. Jibu ni hapana, si hapo. Karibu na kioo 1800 ina nguvu sawa na 800, na kwa kawaida ina upana mkubwa zaidi, hivyo kasi yake ni bora. Bendi ya chini hufika mbali na huingia ndani ya nyumba nyingi, na kwa sababu hiyohiyo inagawanywa kwa watu wengi zaidi. Jioni mtaani inaweza kuwa imejaa. Tumia bendi ya chini pale ambapo ya juu haifiki. Pale zote mbili zinapofika, pima kasi ya kila moja asubuhi na jioni, kisha uchague iliyoshinda.

Simu za sauti stoo zitategemea kama kampuni yako na simu yako vinaruhusu kupiga simu kupitia Wi-Fi. Vikiruhusu, washa chaguo hilo kwenye mipangilio na namba yako ya kawaida itapokea simu ukiwa stoo kana kwamba uko barabarani. Visiporuhusu, zitabaki programu za kupigia kwa intaneti, na mtu anayepiga namba yako ya kawaida ataambiwa haupatikani au atakupata kwa shida kwenye 800.

Kama hata dukani mbele namba ziko chini ya −110, ndipo antena ya nje inapostahili gharama yake. Hapa kosa la kawaida ni kebo. Kebo nyembamba iliyoandikwa RG-58 inaweza kupoteza kama desibeli 8 kwa mita 10 kwenye 1800, na zaidi kwenye 2600. Ukinunua antena inayoongeza desibeli 9 ukaiunganisha kwa kebo hiyo, umelipia desibeli moja. Fupisha kebo ya antena iwe mita 2 au 3, sogeza ruta karibu na antena, na umbali uliobaki uuache kwa kebo ya mtandao. Na kwa kuwa ruta nyingi za 4G hupokea kwa njia mbili kwa pamoja, zinahitaji antena mbili au antena moja yenye kebo mbili. Ukiunganisha moja tu, nguvu itapanda na kasi inaweza kushuka.

Vifaa vya kukuza ishara, vinavyouzwa kwa jina la busta, nisingevipendekeza kwa duka kama hili. Kifaa cha namna hiyo hutuma kwenye masafa yaliyopewa kampuni za simu, kwa hiyo matumizi yake yanahitaji idhini, na ukipanga kukifunga uliza kwanza TCRA nchini Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Antena yake ya ndani ikisikika na ile ya nje, kifaa huanza kujikuza chenyewe kama kipaza sauti kinachopiga mluzi, na mluzi huo huharibu mtandao wa mtaa mzima. Dalili kwa majirani ni kwamba simu zinaonyesha vijiti vimejaa na hakuna anayeweza kupiga.

Hatua ya saba: pima tena ukitumia utaratibu uleule

Baada ya kufunga kila kitu, rudia vipimo vya hatua ya tatu mahali palepale na saa zilezile, mlango wa chuma ukiwa wazi na kisha ukiwa umeshushwa. Kwenye ukurasa wa ruta soma RSRP na SINR, uziandike kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi ukibandike nyuma yake pamoja na tarehe na bendi. Miezi kadhaa baadaye intaneti ikidorora, utalinganisha. RSRP ikiwa bado −93 na kasi ndiyo imeshuka, mnara umejaa watu, na simu ya malalamiko kwa kampuni ina msingi. RSRP ikiwa imeshuka hadi −108, tazama kwanza kama kuna mtu amepanga marobota ya vitenge mbele ya ruta au ameisogeza nyuma ya kabati la chuma, kisha toka nje utazame kama jengo jipya la zege limeanza kupanda kati yako na mnara.